Tukana Timu Yangu, Mimi Uniache

Ukipita barazani Mji wa Kale, Mombasa, baada ya isha, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, utawasikia watu wazima wakitukanana kwa sauti ambayo mgeni angedhani sasa hivi watakamatana mashati. Kipa wenu hata akipangwa fungu Marikiti hapati mnunuzi. Hiyo pilau unayoisifu ni wali uliomwagiwa vumbi la bizari. Huyo mwimbaji wako analia, haimbi. Anayetukanwa anacheka, anasogeza kikombe chake cha kahawa tungu, kisha anarudisha kwa neno kali zaidi. Saa tano wanaagana kwa salama na kesho wako pale pale.

Mtu huyo huyo, kwenye baraza hiyo hiyo, mwambie kwa upole kabisa kwamba yeye ni bahili, au kwamba wanawe hawamsikii. Huenda usimwone tena mwaka mzima. Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu nimeona urafiki ulioanzia chuoni, wakati tukisoma juzuu pamoja, ukikatika kwa sentensi moja, baada ya kustahimili miaka mingi ya matusi mazito ya mpira.

Jibu la haraka ni kwamba timu si mtu. Ni kweli, lakini halitoshi. Msikilize shabiki anavyosema: "Tumewapiga tatu." Hakugusa mpira, uwanja wenyewe uko Uingereza na hajawahi kuuona, lakini anasema "tumewapiga". Kama timu ni yeye kiasi hicho, mbona kuitukana hakumuumizi kama kutukanwa yeye?

Mwaka 1976 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Cialdini, na wenzake walichapisha utafiti unaosaidia hapa. Walikwenda katika vyuo vikuu kadhaa vyenye timu za mpira wa Kimarekani wakawa wanahesabu, kila Jumatatu, wanafunzi waliovaa nguo zenye jina au nembo ya chuo. Timu ikishinda mwisho wa wiki, nguo hizo ziliongezeka madarasani. Kisha wakawapigia wanafunzi simu na kuwauliza mechi fulani ilikwendaje. Waliosimulia ushindi walielekea zaidi kusema "sisi". Kwenye mechi ambazo timu haikushinda, hilo "sisi" lilipungua. Barazani kwetu hilo halihitaji utafiti, lipo kila Jumatatu: jana "tumeshinda", wiki iliyopita "wamefungwa, kocha hajui kupanga". Shabiki ana mlango. Siku ya furaha anaingia ndani ya timu yake, siku ya aibu anatoka nje, anasimama kando na kuilaumu pamoja na wewe unayeicheka. Tusi linapofika, yeye hayumo.

Timu kwa rafiki yako ni kama yale matairi yanayoning'inizwa ubavuni mwa tagi za bandari ya Kilindini: chombo kinagonga gati kwa nguvu, tairi linabonyea, mbao na chuma vinabaki salama. Lakini tairi linafaa tu pale lilipofungwa. Ukigonga kando yake, umegonga chombo.

Nieleze kisa kimoja kwa urefu, maana ndicho kilichonifundisha.

Tarehe 28 Agosti 2011, Jumapili, Manchester United iliifunga Arsenal mabao nane kwa mawili. Ilikuwa siku za mwisho za Ramadhani, na adhana ya magharibi hapa Mombasa iliikuta mechi katika kipindi cha kwanza. Watu walikuwa wakifuturu huku wakinyoosha shingo kuitazama televisheni. Arsenal ilipata penalti wakati ikiwa nyuma kwa bao moja tu, Robin van Persie akaipiga, David de Gea akaipangua. Baada ya hapo mambo yakaharibika. Wayne Rooney peke yake alifunga matatu. Wengine waliondoka kuwahi tarawehe mabao yakiwa bado yanaingia.

Rafiki yetu mmoja, fundi wa mafriji, alikuwa Arsenal damu. Usiku ule baada ya tarawehe tulipokutana barazani, kijana mmoja alimwekea kisahani cha tende. Alizipanga nane, mojamoja, kwa adabu kama anayemkaribisha mkwe. Baraza ikalipuka kwa kicheko. Fundi akazitazama zile tende, akasema: "Tende huliwa witiri, bwana. Ongezeni moja ziwe tisa." Tukacheka zaidi, naye akiwemo. Kisha akaanza kurudisha. Msimu wa 2003 hadi 2004, akasema, Arsenal ilicheza mechi zote 38 za ligi, ikashinda 26, ikatoka sare 12, haikufungwa hata moja. "Haya, nyinyi mnazo nane, sisi tuna mwaka mzima. Nani tajiri?" Wenzake wawili wa Arsenal, waliokuwa wamejificha kimya tangu waingie, wakapata nguvu na kumuunga mkono.

Huu ndio utani ukiwa na afya. Tusi lilikuwa zito, la hadharani, lilipigwa siku ile ile ya msiba, na liliuma kidogo kama lilivyokusudiwa. Lakini aliyetukanwa alikuwa na vitu vinne mkononi. Alikuwa na la kujibu. Alikuwa na watu wa upande wake. Alikuwa na mechi ya wiki ijayo. Na la nne, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni kwamba kila alichochekewa kilikuwa wazi kwa dunia nzima. Nane kwa mbili ilionyeshwa kwenye televisheni. Hakuna aliyehitaji kuwa rafiki yake ili aijue.

Kisha mmoja wetu, mtu wa karibu sana na fundi, akiwa amelewa kicheko cha wenzake, akasema: "Wewe nawe kila ulichonacho kinakuponyoka. Hata mke umeshindwa kumweka ndani."

Mkewe alikuwa amerudi kwao. Waliojua ni wawili watatu, na walijua kwa sababu fundi mwenyewe aliwaambia, usiku, akitafuta ushauri.

Hakuna aliyecheka. Wengine waliinamia vikombe. Fundi aliiweka chini tende aliyokuwa ameishika, akatafuta viatu vyake, akasema "alamsiki" na kuondoka. Mzee wa kahawa, ambaye kwa kawaida haingilii mazungumzo ya wateja wake, alimgeukia yule msemaji: "Mwanangu, hilo halikuwa la mpira."

Lihesabu sasa tusi hili la pili kwa vile vitu vinne. Fundi angejibu nini? Akisema si kweli, anadanganya kwenye mwezi wa Ramadhani. Akisema ni kweli, amejianika. Akirudisha kwa aibu ya mwenzake, wamekuwa wawili waliovuliwa nguo. Upande wake hakuna mtu, kwa sababu ndoa haina mashabiki. Hata sisi tuliomhurumia tungemtetea vipi bila kuendelea kuizungumza nyumba yake mbele ya watu? Mechi ya wiki ijayo haipo. Na kile alichochekewa hakikuwa cha dunia. Kilitoka moyoni mwake, akakitia mkononi mwa rafiki kama amana.

Naamini hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ukimtukana rafiki kwa timu yake, unatumia silaha iliyolala barabarani, ambayo hata adui angeiokota. Ukimtukana yeye mwenyewe, hasa kwa neno linalompata barabara, mara nyingi unatumia kitu ambacho urafiki ndio uliokupa. Adui hajui mkeo ameondoka. Adui hajui unaogopa giza, unadaiwa na shemeji, ulilia ulipofeli. Rafiki anajua, na kadiri anavyokuwa wa karibu ndivyo tusi lake linavyopata shabaha. Anayeumia haumizwi na neno peke yake. Anaanza kuhesabu mengine yote aliyowahi kumwambia yule mtu, na kujiuliza lipi litafuata.

Yule msemaji, kesho yake, alimtumia fundi ujumbe kwamba ulikuwa utani tu. Sina shaka alikuwa mkweli kwa jinsi alivyoiona nia yake. Mwaka 2006 Justin Kruger na wenzake walichapisha utafiti kuhusu utani ambao matokeo yake yanamwelezea kabisa: mtaniaji huiona nia yake njema kutoka ndani na kuamini kwamba hata mtaniwa anaiona, na kwamba hiyo inapunguza makali, lakini mtaniwa, ambaye hana dirisha la kuchungulia nia hiyo, huliona tendo kuwa la uovu zaidi kuliko mtaniaji anavyolidhani. Utani wa timu hauzami kwenye shimo hilo kwa urahisi. Hata nia yako ikiwa mbaya, kilichogongwa ni Arsenal. Utani wa mtu unategemea nia tupu, na nia haionekani.

Samahani ya simu haikupokelewa, na nadhani fundi alikuwa na haki. Aibu ilitolewa mbele ya watu, radhi ikaombwa pembeni. Baada ya Idi wazee wawili waliingia kati, na yule mtu alisema barazani, mbele ya wale wale waliosikia, kwamba alikosa na anaomba msamaha. Fundi alimpa mkono. Wanasalimiana hadi leo, wanazikana, wanaozeshana. Lakini tangu usiku ule sijasikia fundi akimweleza jambo la nyumbani kwake. Radhi ilirudisha salamu, siri haikurudi.

Basi je, kila kisichokuwa mtu ni salama kutukanwa? Hapana, na kwenye muziki hilo linaonekana vizuri. Mabishano ya taarabu hapa kwetu ni ya zamani: kuna wa Juma Bhalo, kuna wa Zein l'Abdin na udi wake, na kuna vijana wanaosema yote hayo ni ya wazee, wao wako na bongo fleva. Haya unaweza kuyatukana utakavyo, kwa sababu masikio ni ya mtu na nyimbo ziko sokoni. Ila Mombasa pia ina historia ya muziki uliotumika kama timu hasa. Katika karne iliyopita wanawake wa mji huu walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama vilivyoshindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Ibinaal Watan na Banu Saada ndiyo majina yanayotajwa zaidi. Chama kikiimbwa kwamba hakina sare ya maana au karamu yake ilipwaya, wanachama walikuwa na njia ya kujibu: wakae, watunge, wachange, watoke siku yao na wimbo mkali kuliko ule. Tusi la chama hugawanywa kwa wanachama wote, kila mmoja akachukua kipande kidogo.

Hatari ilianza wimbo ulipokuwa na fumbo la mwanamke mmoja: mwendo wake, ndoa yake, deni lake. Jina halitajwi, lakini mji ni mdogo na kila anayesikiliza anajua. Fumbo linamlinda mwimbaji, maana anaweza kusema "mimi sikumtaja mtu". Halimlindi anayeimbwa. Yeye hata kulalamika hawezi, kwani akilalamika amekiri kwamba ni yeye. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tusi la fumbo ni jepesi kuliko la wazi. Linapomhusu mtu mmoja, mara nyingi ni zito zaidi, kwa sababu limemwondolea hata nafasi ya kurudisha.

Hilo ndilo ninaloliangalia siku hizi nikisikiliza utani ukipanda joto: unazungumza na wengi au na mmoja? "Nyinyi watu wa Arsenal hamna haya" ina mlango wa kutokea na watu wa kutoka nao. Maneno yakiacha kuwa "nyinyi" yakawa "wewe", nakaa mkao wa kuingilia. Na ishara nyingine ni kicheko cha mtaniwa. Anayefurahia hucheka na kurudisha. Anayecheka bila kurudisha, anacheka ili lipite.

Chakula ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu kinaonekana chepesi. Tubishane kuhusu biriani na pilau usiku kucha. Nicheke kwa kuwa naweka sukari kwenye mbaazi, sema viazi karai vya Kibokoni havifiki kwa vya mtaani kwenu, sema anayekunywa chai ya maziwa na samaki wa kupaka anahitaji daktari. Hayo ni ya kuchagua, na mtu akichagua vibaya mara moja anaweza kuchagua vizuri kesho.

Lakini timu haina mama. Sahani inaye. Biriani ya mkahawani ni ya mkahawa, na mwenye mkahawa hayupo barazani. Biriani uliyolishwa nyumbani kwa rafiki yako ina mikono nyuma yake, ya mkewe, ya mamake, ya dadake aliyekesha akikaanga vitunguu. Ukisema ilikuwa na chumvi nyingi, umefika kwa mtu bila kukusudia, tena mtu ambaye hayupo kujitetea, na rafiki yako analazimika kumtetea hata kama ulimi wake ulionja chumvi ile ile. Nimemwona bwana mmoja anayevumilia kila dhihaka ya Liverpool akinyanyuka kwa hasira kwa sababu mtu alisema mahamri ya kwao ni magumu. Walioshangaa hawakujua kwamba mamake huyauza kila alfajiri mlangoni, na kwamba hayo mahamri ndiyo yaliyomsomesha.

Kisha kuna chakula ambacho mtu hakukichagua. Aliyetoka bara akila omena, au Mgiriama akila ng'onda na sima, hali tu anachokipenda, anakula kwao. Kumcheka ni kumwambia watu wake si watu, na Mombasa, mji ambao maneno "wabara" na "wapwani" yamewahi kufanya kazi mbaya wakati wa siasa, huo si utani hata kidogo. Na kuna anayekula sima na mchicha wiki nzima kwa sababu ndicho kinachonunulika. Mcheshi anadhani amecheka mboga, kumbe amecheka mfuko. Ninapotaka kujua kama chakula cha mtu kinachekeka, najiuliza kama angeweza kesho kula kingine bila kumuaga mtu wala kukopa. Kama hawezi, nanyamaza.

Hata timu yenyewe hufika mahali pa namna hiyo. Katika ule utafiti wa Cialdini kuna sehemu ambayo watu huisahau. Kabla ya kuwauliza wanafunzi habari za mechi, waliwapa maswali machache, kisha wakawaambia baadhi yao kwamba wamefanya vibaya, bila kujali walijibu nini. Walioambiwa wamefeli ndio waliong'ang'ania zaidi neno "sisi" waliposimulia ushindi wa timu. Mtu aliyejeruhiwa kwingine huikumbatia timu kwa nguvu zaidi, kwa sababu ndicho kitu pekee kinachomfanya mshindi wiki ile. Na anayeikumbatia hivyo hana tena mlango wa kutokea. Timu imemgusa ngozi.

Nililiona hili kwa mwenzetu mmoja kibarua chake kilipokwisha. Alikuwa mtu wa masihara, timu yake ikifungwa yeye ndiye wa kwanza kuitukana. Miezi ile akawa mwingine. Bao la kuotea alilibishania kama urithi, akaacha kusema "wamefungwa", akawa anasema "tumeonewa na refa". Vijana waliona mchezo umenoga wakaongeza moto. Mzee wa kahawa akawavuta kando, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia wamwache na mpira wake. Hatukukatiza utani naye, kwa kuwa angeona tunamhurumia, na hilo lingemuuma zaidi. Tulihamia kwenye biriani. Anapenda kuila na ndizi mbivu, jambo ambalo kwetu ni kosa la jinai, na kwa hilo tulimsulubu kila usiku naye akajibu kila usiku, kwa furaha, huku matokeo ya ligi tukiyapita kama hatukuyaona. Alipopata kazi Changamwe, wiki ile ile aliingia barazani, timu yake ikiwa imefungwa tatu, akauliza kabla hajakaa: "Haya, nani anaanza?"